Karuseli ya Maswali ya Wateja: Maana Yake na Namna ya Kuiandika kwa Duka Dogo

Karuseli ni chapisho moja la Instagram lenye picha kadhaa zinazofuatana, ambazo msomaji huzipitia kwa kutelezesha kidole. Karuseli ya maswali ya wateja ni ile ambayo kila picha yake hubeba swali moja linaloulizwa dukani tena na tena, pamoja na jibu lake kamili. Instagram huruhusu hadi picha 20 katika chapisho moja, lakini duka dogo hutosheka na saba au nane, kwa sababu maswali yanayomchelewesha mnunuzi ni machache nayo huzunguka mambo matatu: mzigo utanifikiaje, nitalipaje, na nisiporidhika itakuwaje.

Maswali yenyewe hayatungwi. Yamo tayari katika simu ya duka, na mwandishi anapaswa kuzipitia jumbe za mwezi uliopita za WhatsApp, kisha ayanakili kama wateja walivyoyaandika. Mteja wa Mombasa haulizi kuhusu «utaratibu wa usafirishaji», huuliza «Likoni mwaleta?», na maneno hayo hayo ndiyo yanayofaa kuwa kichwa cha picha. Hapo ndipo sauti ya kirafiki inapoanzia, na huendelea pale jibu linapogusa jambo ambalo mteja angeliuliza baadaye. Kumwita kila mtu «mpenzi» au kujaza vikaragosi hakuwezi kushika nafasi ya jibu lililokosa bei.

Tuchukue mfano wa duka la leso na madera lililo karibu na soko la Marikiti, linalotuma mizigo kwa bodaboda. Picha ya swali la Likoni inaweza kusema hivi:

«Likoni mwaleta? Naam, twaleta kila siku isipokuwa Jumapili. Nauli ni shilingi 300, kwa kuwa mwenye pikipiki hulipia feri na husubiri foleni. Ukiagiza kabla ya saa nne asubuhi, mzigo utakufikia siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Ukiagiza baada ya hapo, tutakuletea kesho yake.»

Bei hizi ni za mfano tu, lakini mpango wa sentensi zake una sababu. Mkazi wa Likoni ambaye amemsikia rafiki yake wa Tudor, mtaa usiohitaji feri, akitozwa shilingi 150 atahisi anaonewa, kwa hivyo sababu ya tofauti hiyo hukaa papo hapo kando ya bei. Saa imetajwa kwa sababu neno «haraka» halimsaidii mtu anayetaka dera la kuvaa harusini jioni. Ikiwa duka hufungwa Ijumaa adhuhuri kwa ajili ya sala, hilo nalo liandikwe, kwani ndio wakati ambapo ujumbe usiojibiwa humfanya mteja mgeni adhani amepuuzwa.

Picha ya malipo ni fupi, ila inahitaji uangalifu wa namna yake. Maandishi yaliyomo ndani ya picha hayanakiliki kwa urahisi kama ujumbe wa kawaida, hivyo mteja atalazimika kuisoma nambari ya Till na kuiandika kwa mkono wake. Iandikwe kwa tarakimu kubwa zilizoachana, na chini yake liwekwe jina litakalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Mara nyingi jina la Till ni la mwenye duka au la biashara iliyosajiliwa zamani, na mteja asiyeonywa mapema huliona jina geni na kuogopa kuwa ametapeliwa. Inafaa pia kumweleza kuwa hakatwi ada anapolipia kwa Till, na kama duka hupokea malipo mzigo ukifika, itajwe ni kwa maeneo gani. Mteja wa Voi au Malindi anayetumiwa kifurushi kwa basi hawezi kungojewa mlangoni, basi yeye aambiwe waziwazi kwamba hulipa kwanza.

Sehemu ngumu zaidi ni ya kurudisha bidhaa, na hapa ndipo maduka mengi huteleza. Wengine huinakili ile sentensi ya kwenye risiti, «bidhaa zikishauzwa hazirudishwi», wakidhani imewakinga. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaostahili, na maneno ya risiti hayalifuti takwa hilo. Zaidi ya sheria, sentensi hiyo huwafukuza wale ambao hawajawahi kuishika bidhaa mkononi, nao ndio hasa wanaosoma karuseli.

Lililo bora ni kutenganisha hali mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: kosa la duka, na mteja kubadilisha nia. Kila moja ipewe picha yake. Ya kwanza: «Nimeletewa rangi siyo? Pole sana. Tupigie picha siku hiyo hiyo, nasi tutamtuma bodaboda aje kuichukua na kukuletea uliyoagiza. Nauli zote mbili ni juu yetu.» Ya pili: «Nimeipokea lakini sikuipenda, naweza kubadilisha? Waweza, ndani ya siku tatu, mradi leso haijakatwa wala kupindwa, na dera halijavaliwa wala kufuliwa. Nauli ya kurudisha utailipa wewe. Ukipenda pesa badala ya bidhaa, tutazirudisha kwa nambari ile ile uliyolipia.»

Angalia lile sharti la leso. Leso huuzwa pande mbili zilizoungana, na ikishakatwa na kupindwa haiuziki tena kwa mwingine. Mnunuzi akilijua kabla ya kumpelekea fundi, hakuna ugomvi. Akiambiwa baada ya kuirudisha, hata lugha tamu kiasi gani itasikika kama hila. Ndiyo maana sharti lisifichwe mwishoni kwa herufi ndogo. Tena litajwe kwa kitendo kinachoonekana, maana «iwe katika hali nzuri» kila mmoja atalipima kwa jicho lake. Suala la nani hulipa nauli ya kurudisha ndilo linalosahauliwa zaidi, ilhali kwa dera la bei ndogo nauli inaweza kukaribia nusu ya thamani yake.

Kila picha pia iweze kusimama peke yake. Mtu akiipita picha ya kwanza bila kuifungua, Instagram wakati mwingine humrudishia chapisho hilo likianzia picha ya pili, hivyo jibu linaloanza na «kama tulivyosema hapo awali» litamwacha gizani. Kipimo cha upana wa pikseli 1080 kwa urefu wa pikseli 1350 hutosha, na maneno yapata 40 kwa picha husomeka vizuri. Jibu likizidi hapo, aghalabu ni maswali mawili yaliyobanwa pamoja na yanafaa kugawanywa.

Mpaka mmoja wa karuseli ni kwamba picha ikishachapishwa haihaririwi maandishi yake. Bei za petroli nchini hutangazwa upya na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, na nauli za bodaboda huweza kufuata. Kwa hiyo mwenye duka ambaye nauli zake hazitulii afadhali aandike kwenye picha maeneo na muda wa kufika, kisha aweke nauli zenyewe katika maelezo ya chini, ambayo huharirika wakati wowote, pamoja na tarehe zilipohakikishwa. Chapisho lenyewe libandikwe juu ya ukurasa wa duka, mahali ambapo Instagram huruhusu machapisho matatu, ili anayeuliza «Likoni mwaleta?» saa nne za usiku alikute jibu lake bila kumwamsha mtu.