Sufuri iliyopotea na jina la Aimé: dhana potofu kuhusu namba na herufi ndani ya kompyuta

Katika vijiduka vya kuchapa hati hapa Bukavu, kuanzia Nyawera hadi Kadutu, lawama tatu hazikauki midomoni: kompyuta imekula sufuri ya namba ya simu, virusi vimeharibu majina ya wanafunzi, mtandao umekata pesa za meseji mbili wakati mimi nimetuma moja. Zinaonekana kama shida tatu mbalimbali, lakini mzizi wake ni mmoja. Watu wanaamini kwamba kompyuta inajua kama kitu ilichohifadhi ni namba au ni herufi. Haijui, na ukishaelewa ni kwa nini haijui, lawama zote tatu zinapata jibu na hata dawa.

Dhana: ndani ya kompyuta kuna sufuri na moja zilizoandikwa

Hakuna tarakimu yoyote humo. Flashi huhifadhi kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya vijisehemu vidogo mno; diski ngumu ya zamani huhifadhi kwa sumaku inayoelekea upande huu au ule. Ni sisi tulioamua kuiita hali moja 0 na nyingine 1. Hali mbili zilizo mbali zinatosha, kwa sababu umeme ukipungua au kuongezeka kidogo, bado mashine inatambua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kila hali kama hiyo inaitwa biti, na biti nane zikikaa pamoja zinaitwa baiti. Chukua baiti hii:

```
01000001
```

Ukiisoma kama namba, kila nafasi ina thamani yake kuanzia kulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Hapa moja ziko kwenye nafasi ya 64 na ya 1, basi jumla ni 65. Ukiisoma kama herufi, unaenda kwenye jedwali linaloitwa ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, na humo 65 ni herufi A. Ndani ya picha, baiti hiyohiyo inaweza kuwa kiasi cha rangi fulani. Ndani yake hamna alama inayosema "mimi ni herufi" au "mimi ni namba". Maana inaletwa na programu inayosoma, na programu hufuata makubaliano. Makubaliano ya aliyeandika yakitofautiana na ya anayesoma, biti zote zinaweza kuwa salama kabisa na bado ukaona takataka kwenye skrini.

Dhana: nikibonyeza tarakimu, kompyuta inahifadhi namba

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi. Kibodi hutuma alama. Alama 7 ni mchoro kama ilivyo A, na kwenye jedwali la ASCII ina nafasi yake, 55. Namba saba, ile unayoweza kujumlisha na kuzidisha, ni kitu kingine:

```
alama 7:  00110111
namba 7:  00000111
```

Sasa tuangalie tarakimu nne za mwanzo za namba ya simu ya kwetu, 0815. Zikihifadhiwa kama maandishi, kila alama inachukua baiti yake, na sufuri ya mbele ina baiti yake kama wenzake:

```
0         8         1         5
00110000  00111000  00110001  00110101
```

Zikihifadhiwa kama namba, kompyuta inatafuta thamani: 512 + 256 + 32 + 8 + 4 + 2 + 1, yaani 815. Kwa baiti mbili inakuwa hivi:

```
00000011 00101111
```

Sufuri ya mbele haina mahali pa kukaa. 0815 na 815 zina thamani ileile, kwa hiyo zina biti zilezile. Excel inapoona tarakimu tupu kwenye kisanduku chenye muundo wa `Standard`, inadhani umempa namba ya kuhesabu. Inachukua thamani na kuutupa mchoro. Mtu akija kesho kuulizia, hakuna biti hata moja inayokumbuka kwamba palikuwa na sufuri.

Wengine hukwepa kwa kuandika 243 mbele badala ya sufuri. Namba inafika tarakimu 12, na Excel ya Kifaransa inaionyesha hivi: `2,43815E+11`. Hapo usiogope, maana kilichobadilika ni sura tu. Thamani yote ipo, utaiona kwenye mstari wa fomula juu. Hatari ya kweli inaanza tarakimu zikizidi 15. Excel hutenga baiti nane kwa kila namba na haishiki zaidi ya tarakimu 15. Zinazofuata inazigeuza sufuri. Namba ndefu ya akaunti ya benki ikiingizwa hivyo, mkia wake umekwenda na haurudi.

Dawa ni kuiambia Excel mapema kwamba haya ni maandishi: chagua safu nzima, weka muundo wa `Texte`, kisha ndipo uandike. Au anza na alama `'` mbele ya namba. Ukibadili muundo baada ya kuandika, sufuri haifufuki. Na kama ulipokea faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, usilifungue kwa kubonyeza mara mbili halafu ukalihifadhi. Lifungue kwanza kwa `Bloc-notes`. Ukiona sufuri zipo, basi faili ni zima, Excel ndiyo inayozila wakati wa kusoma, na ukihifadhi ndipo unapouthibitisha ulaji huo.

Dhana: majina yameharibika, kuna virusi

Shule inaleta orodha ya wanafunzi ili ichapwe. Aimé ametokea `AimÃ©`, Noël ametokea `NoÃ«l`. Printa inalaumiwa, flashi inalaumiwa, programu ya kuua virusi inapitishwa nusu saa nzima. Bure. Baiti zote ziko kama zilivyoandikwa.

Jedwali la ASCII lina nafasi 128 tu, na herufi zenye alama za Kifaransa hazimo. Ndiyo maana Kiswahili hakipati taabu hii: herufi zetu zote zinatoshea humo. Kwa é watu walitunga makubaliano mengine, na mawili ndiyo yanayogongana kwenye kompyuta za huku. La zamani, Windows-1252, linatumia baiti moja na kuipa é nafasi ya 233. La sasa, UTF-8, lililobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, linaacha herufi za ASCII kama zilivyo na kuipa é baiti mbili:

```
11000011 10101001
```

Tazama mwanzo wa kila baiti. Ya kwanza inaanza na 110, maana yake "herufi hii ina baiti mbili". Ya pili inaanza na 10, maana yake "mimi ni mwendelezo". Ondoa viashiria hivyo, unganisha kilichobaki, 00011 na 101001, na utapata 233, namba ileile ya é. Mpango huu naupenda sana, kwa sababu kila baiti inajieleza iko wapi ndani ya herufi.

Lakini programu inayodhani faili ni la Windows-1252 haijali viashiria hivyo. Inasoma baiti ya kwanza peke yake, 195, na kwenye jedwali lake hiyo ni Ã. Inasoma ya pili, 169, nayo ni ©. Aimé ana herufi nne zilizohifadhiwa kwa baiti tano, na msomaji anayedhani kila baiti ni herufi anaonyesha herufi tano.

Kwa hiyo sura ya uharibifu yenyewe inakuambia kosa liko wapi. Ukiona alama mbili mahali pa herufi moja, na ya kwanza ni Ã, faili ni la UTF-8 na limesomwa kwa jedwali la zamani. Ukiona �, mambo ni kinyume: faili ni la zamani na limesomwa kama UTF-8. Baiti 233 ni 11101001. Msomaji wa UTF-8 akiona 1110 anasubiri baiti mbili za mwendelezo, hazipati, anakata tamaa na kuweka alama hiyo.

Kwenye Excel, nenda `Données`, uchague kuingiza faili la maandishi au CSV, na kwenye `Origine du fichier` uweke `65001 : Unicode (UTF-8)`. Palepale unaweza kuipa safu ya simu aina ya `Texte`, na ukamaliza shida mbili kwa safari moja. `AimÃ©` hata ikihifadhiwa hivyo mara nyingi inarudishika, kwa kuwa baiti zake bado zinajulikana. Lakini � ikishahifadhiwa, herufi ya asili imefutwa. Ukiona Aim�, huwezi kujua tena kama ilikuwa é au è, ila kwa kurudi kwenye faili la kwanza au kumuuliza mzazi. Basi ukiiona kwenye skrini, funga bila kuhifadhi.

Dhana: meseji moja ikikatwa pesa za mbili, mtandao umeiba

SMS moja ina nafasi ya baiti 140, yaani biti 1120. Simu ikitumia jedwali dogo la biti 7 kwa kila alama, zinaingia alama 160. Jedwali hilo lina é, è na à, lakini halina ê wala ô. Ikitokea hata alama moja isiyokuwemo, simu inauhamisha ujumbe mzima kwenye biti 16 kwa kila alama, na nafasi zinabaki 70.

Kwa Kiswahili mtego uko kwenye ng'. Kibodi za simu nyingine hubadilisha alama iliyonyooka ' kuwa iliyopinda ’, na iliyopinda haimo kwenye jedwali dogo. Tuseme mwalimu anawaandikia wazazi wa watoto wanaoishi ng'ambo ya Ruzizi, ujumbe wa alama 100. Kwa alama iliyonyooka ni SMS moja na nafasi 60 zinabaki. Kwa iliyopinda, ujumbe unagawanywa. Kila kipande kinapoteza nafasi tatu kwa ajili ya maelezo ya kuunganishia, kwa hiyo cha kwanza kinabeba alama 67 na cha pili 33. Ukizidisha kwa wazazi wote wa shule, gharama imekuwa maradufu kwa sababu ya mkia mmoja uliopinda. Simu nyingi zinaonyesha hesabu pembeni unapoandika: ukiona nafasi zilizobaki zinaporomoka ghafla, futa alama uliyoandika mwisho, kisha ubonyeze na kushikilia kitufe chake mpaka utokezee mstari wa alama nyingine, na uchague iliyonyooka.