Programu inayogoma kila Jumatatu: dhana potofu kuhusu tokeni

Msanidi mmoja wa Kigoma aliwatengenezea wafanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi programu inayoandika magunia yao kwenye Google Sheets. Waliunganisha akaunti zao za Google Jumatatu, programu ikapewa tokeni, yaani ufunguo wa kuandika kwa niaba yao, na wiki nzima mambo yakaenda vizuri. Jumatatu iliyofuata mama mmoja akampigia: "Mwanangu, mbona mzigo wa leo haujaandikwa?" Akamwomba aunganishe upya, ikakubali. Baada ya siku saba ikagoma tena.

Dhana: Mtumiaji ameondoa ruhusa.

Huyo mama hakugusa kitu. Kabla ya kumuuliza, soma jibu la seva ya Google:

```
HTTP/1.1 400 Bad Request
{
  "error": "invalid_grant",
  "error_description": "Token has been expired or revoked."
}
```

Ujumbe huu hautofautishi tokeni iliyokwisha muda na iliyofutwa. Kinachotofautisha ni kalenda: kama wote wanakatika siku saba baada ya kuunganisha, chanzo kiko kwenye mipangilio yako.

Dhana: Tokeni ikiisha, mtumiaji lazima aingie upya.

Tokeni ni mbili. Ya kufikia data huishi takriban saa moja kwa Google, na ikiisha unapata 401. Hapo seva yako inatumia tokeni ya kuhuisha kuomba nyingine, na mtumiaji hajui lolote. Hiyo ya pili hupatikana ukiweka `access_type=offline` wakati wa kuomba ruhusa.

Dhana: Tokeni ya kuhuisha haifi.

Hapa ndipo yule msanidi alipokwama, na ndipo wengi wetu tunapopoteza siku nzima kukagua msimbo usio na kosa. Mradi wa Google Cloud wenye watumiaji wa nje ukibaki kwenye hali ya `Testing`, tokeni zake za kuhuisha hufa baada ya siku 7, isipokuwa kama unaomba jina, barua pepe na wasifu tu. Alibadilisha hali ikawa `In production`, lakini tokeni za zamani zilibaki na ukomo wao. Ikabidi kila mfanyabiashara aunganishe tena mara moja, safari hii kwa `prompt=consent`, kwa sababu bila hiyo Google huweza kurudisha tokeni ya kufikia peke yake.

Kubadilisha hali hakumalizi kila kitu. Ruhusa ya kuandika jedwali lolote la mtumiaji ni nyeti, na bila uhakiki wa Google watu huonyeshwa onyo. Mimi ningeomba `drive.file`, inayogusa faili ambazo programu imeziunda au mtumiaji amezichagua mwenyewe. Kwa daftari la magunia inatosha.

Dhana: Ikigoma, jaribu tena hadi ikubali.

Kujaribu tena kunafaa mtandao ukikatika. Kwa `invalid_grant`, simamisha kazi ya akaunti hiyo, hifadhi magunia yaliyoingizwa, kisha mtumie mwenye akaunti kiungo cha kuunganisha upya siku hiyohiyo. Akishaunganisha, andika yaliyosubiri kwa mpangilio wa tarehe zake.