Fedha yenye tarehe: mwajiriwa na uwekezaji wa miaka ishirini

Mwajiriwa akiuliza awekeze wapi, swali la kwanza la kumrudishia ni hili: fedha hiyo utaihitaji lini? Ada ya Januari ina tarehe yake, bati za nyumba zina tarehe yake, na kustaafu ukiwa na miaka 60 nako kuna tarehe. Hasara nyingi za waajiriwa zinatokana zaidi na fedha ya Januari kuwekwa mahali panapofaa fedha ya kustaafu, kuliko kuchagua hisa mbaya au mfuko mbaya.

Tuchukue mtumishi anayepokea mkononi shilingi 900,000, baada ya makato ya kodi, bima na mfuko wa hifadhi ya jamii. Ameona anaweza kutenga 100,000 kila mwezi. Kabla hata laki moja haijaenda kwenye uwekezaji wa muda mrefu, aangalie madeni yake. Kama ana mkopo wa kausha damu unaomtoza asilimia 20 kwa mwezi, hakuna hatifungani wala hisa itakayomlipa kiasi hicho, kwa hiyo kulipa deni hilo ndiyo faida kubwa kuliko zote atakazopata mwaka huo. Baada ya hapo aweke akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu. Kwa mtu huyu, kama nyumbani kwake hutumika 700,000 kwa mwezi, ni 2,100,000. Hii inakaa mahali inapotoka kwa siku chache: akaunti ya akiba, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa aina ya ukwasi, yaani ule unaotoa fedha haraka. Kazi yake ni kuzuia mtoto akiugua usilazimike kuuza kitu kingine kwa bei ya siku hiyo.

Kiwanja, ambacho wengi wetu hukimbilia, kina tatizo hapo hapo. Ni mali, na mara nyingi thamani yake hupanda, lakini huwezi kuuza kona moja ya kiwanja ili ulipe hospitali.

Hatari ya uwekezaji inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kwenye kitu ambacho watu hudhani hakina hatari. Hatifungani za serikali, yaani karatasi za kuikopesha serikali kwa muda uliopangwa, huuzwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa mnada, kuanzia shilingi 1,000,000, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Aprili 2022 riba ya hatifungani ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Aliyenunua ya 12.10 kwa milioni moja anapata 60,500 kila miezi sita, na mwisho wa muda anarudishiwa milioni yake. Hapo hakuna tatizo. Sasa tuseme miaka miwili baadaye anahitaji fedha, na wakati huo wanunuzi wanaweza kupata asilimia 15 kwingine. Hakuna atakayempa milioni nzima kwa karatasi inayolipa 12.10. Kwa hesabu, karatasi yenye miaka 18 iliyobaki itanunuliwa kwa kama 820,000. Serikali haijashindwa kulipa hata senti, na bado muuzaji amepoteza 180,000, kwa sababu tarehe ya fedha yake na tarehe ya hatifungani hazikuoana. Angeivumilia hadi mwisho, punguzo hilo lisingemgusa. Kwa hiyo fedha ya ada ya mwaka kesho haiingii kwenye hatifungani ya miaka 20, hata kama riba yake inavutia.

Kwenye hisa mambo ni makali zaidi, na benki mbili zilizoko Soko la Hisa la Dar es Salaam zinaonyesha kwa nini. NMB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600. CRDB ikafuata 2009 kwa shilingi 150. Zote ni benki kubwa, nchi moja, wateja wanaofanana, na wakati ule si rahisi kusema nani angeshinda. Tuseme mtu aligawa 300,000 katikati: akanunua hisa 250 za NMB na hisa 1,000 za CRDB. Katikati ya muongo uliofuata hisa ya CRDB ilipita shilingi 400, na mwenye CRDB peke yake angejiona amepatia. Kufika 2019 ilikuwa imerudi chini ya ile 150 ya mwanzo. Miaka kumi, na bei iko chini ya pale alipoanzia. Mwaka huo huo hisa ya NMB ilikuwa zaidi ya 2,000, kwa hiyo zile 250 zake zilikuwa na thamani ya zaidi ya nusu milioni. Mwisho wa 2024 CRDB ilikuwa imepita 600 na NMB imepita 5,000. Gawio lililolipwa njiani halimo kwenye hesabu hii.

Aliyeuza CRDB mwaka 2019 kwa sababu ya ada alipata hasara. Aliyeshika hadi 2024 alipata zaidi ya mara nne ya alichoweka. Wote wawili walinunua hisa ile ile kwa bei ile ile. Na aliyegawa fedha yake hakuhitaji kujua mapema ni benki ipi ingesuasua. Kutawanya hakukufanyi upate faida kubwa kuliko wote. Siku zote kutakuwa na jirani aliyeweka zote NMB, na atakueleza. Kazi ya kutawanya ni kwamba ukikosea, ukosee kwa sehemu.

Ila benki mbili bado ni sekta moja. Mdororo wa mikopo ukiingia, zote huumia pamoja. Mtu mwenye laki moja kwa mwezi hawezi kujinunulia hatifungani, hisa za benki, za saruji, za bia na za simu kwa kiasi cha maana, na hapo ndipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja inapomfaa. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, ulioanza 2005, ni wa aina hii: fedha za watu wengi zinachanganywa, zinawekwa kwenye hisa na dhamana mbalimbali, na wewe unamiliki vipande. Leo wako mameneja wengine wenye mifuko. Kabla ya kuchagua, soma waraka wa toleo uone mambo matatu: mfuko unawekeza kwenye nini, unakata gharama kiasi gani kwa mwaka, na ukitaka kutoka unalipwa baada ya siku ngapi za kazi.

Bei ya kipande kwenye mfuko wenye hisa hupanda na kushuka, na mwenye mshahara ana faida fulani hapo ambayo mfanyabiashara mara nyingi hana: ananunua kila mwezi kwa kiasi kile kile. Tuseme mwezi wa kwanza kipande ni shilingi 1,000. Laki moja inampa vipande 100. Mwezi wa pili bei inaanguka hadi 800, wenzake wanahaha, yeye anapata vipande 125. Mwezi wa tatu inapanda hadi 900 na anapata 111. Ametoa 300,000 na ana vipande 336, ambavyo kwa 900 ni kama 302,400. Bei haijarudi pale ilipoanzia, na yeye hana hasara. Ila hili hufanya kazi ikiwa tu ule mwezi wa pili hakuacha kununua. Wengi huacha hapo.

Ndiyo maana ununuzi uwekwe benki kama agizo la kudumu, usitegemee moyo wa mtu. Kuna kosa dogo linalojirudia: mshahara unaingia tarehe 25, agizo limewekwa tarehe 24. Salio halipo, agizo linakwama, na kila mwezi hali ni ile ile bila mwenyewe kujua hadi aombe taarifa ya akaunti yake mwishoni mwa mwaka. Weka siku mbili au tatu baada ya mshahara, maana nao huchelewa.

Sasa uvumilivu kwa tarakimu. Laki moja kila mwezi, ikikua kwa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka (huu ni mfano wa hesabu, hakuna aliyeahidi), baada ya miaka mitano inakuwa kama 7,740,000. Wewe umetoa 6,000,000. Faida ya miaka mitano ni 1,740,000, na hapa watu hukata tamaa wakasema bora wangenunua bodaboda. Mwaka wa 15 fedha imefika milioni 41 na ushee. Mwaka wa 20 ni kama milioni 76. Yaani miaka mitano ya mwisho peke yake imeongeza zaidi ya milioni 34, na katika hizo milioni sita tu ndizo zimetoka mfukoni mwako. Riba imeanza kuzaa riba yenye uzito. Anayevunja mwaka wa tano ili aanze upya kwingine anarudia miaka ile mitano myembamba kila mara.

Usizifurahie milioni 76 bila kuzipunguza. Mfumuko wa bei ukiwa wastani wa asilimia 4, miaka 20 ijayo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 35 hivi. Bado ni zaidi ya milioni 24 ulizotoa, lakini mshahara ukipanda, na ile laki nayo ipande.

Kwa kipimo hicho unaweza kumpima yeyote anayekufuata kwenye kundi la simu. Anayeahidi asilimia 20 kwa mwezi anasema laki moja itakuwa karibu 892,000 ndani ya mwaka. Hakuna biashara ya halali inayolipa hivyo kila mtu kila mwezi. Kinachokulipa ni mchango wa anayeingia nyuma yako. DECI, mpango wa upatu uliowaambia watu wapande mbegu wavune, uliporomoka 2009 kwa sababu hiyo hiyo. Kwamba jirani ameshalipwa mara mbili si ushahidi, maana wa mwanzo lazima walipwe ili wengine waje. Uliza jina la kampuni kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama lina leseni, na fedha iende akaunti ya benki ya mfuko, kamwe isiende namba ya simu ya mtu.

Ukitaka hisa moja moja baadaye, fungua akaunti ya CDS, ambayo ndiyo hutunza hisa zako, kupitia dalali mwenye leseni au kwa programu ya soko iitwayo Hisa Kiganjani, ukiwa na namba ya NIDA na akaunti ya benki. Ujue tu kwamba kuna hisa ambazo hupita siku nyingi bila mnunuzi. Bei iliyoandikwa ubaoni si fedha mpaka mtu aichukue.

Na tarehe ikikaribia, anza kuhama mapema. Kama fedha ni ya chuo cha mtoto na imebaki miaka mitatu, kila mwaka hamisha theluthi moja kutoka mfuko wenye hisa kwenda wa ukwasi, hata kama bei inapanda na roho inakuuma.