Muamala uliofutwa si fedha zilizorejeshwa

Barua za kumwomba radhi mteja aliyekatwa mara mbili siku hizi zinafanana kama sare: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Muamala wako umefutwa na fedha zako zitarejeshwa ndani ya siku 7 za kazi. Namba ya kumbukumbu imeambatanishwa." Adabu ipo. Tatizo ni kwamba kufuta na kurejesha ni mambo mawili, na mwandishi ameyaahidi yote kwa mkatwo mmoja.

Kufuta muamala ni kuuzuia usikamilike. Kurejesha ni kumlipa mteja upya baada ya malipo yake kukamilika. Kinachotenganisha hayo mawili ni ile shughuli ya jioni ambapo mhudumu wa kaunta hufunga hesabu ya mashine ya kadi. Kabla ya hapo, kwa malipo mengi ya kadi, benki ya mteja imezishikilia fedha tu: salio linaonekana limepungua, lakini duka halijalipwa. Duka likifuta wakati huo, mteja hataona fedha "zikiingia". Kile kilichoshikiliwa huachiwa, salio hurudi lilivyokuwa, na mara nyingi ule mstari hutoweka kwenye taarifa ya akaunti. Wapo wanaopiga simu kulalamika kwamba hawajarudishiwa, kumbe wanatafuta mstari ambao haukupaswa kuwepo. (Zipo benki zinazokata papo hapo, huko ufutaji huonekana kama kiasi kilekile kikirudi.)

Mashine ikishafungwa, kufuta hakuwezekani tena. Hapo ni kurejesha, na marejesho ni muamala mpya wenye safari yake kutoka benki ya duka hadi benki ya mteja.

Tuchukue mteja aliyenunua vitu vya shilingi 86,400 Dar es Salaam jioni ya Jumamosi, 28 Machi 2026. Mtandao ulisuasua, mashine ikaandika kwamba haikupata jibu, mhudumu akamwomba agonge kadi tena. Kwa kawaida mashine iliyokosa jibu hutuma yenyewe ombi la kufuta lile jaribio la kwanza. Safari hii ombi nalo halikufika, usiku mashine ikafungwa, na malipo yote mawili yakapita. Duka liligundua Jumatatu, 30 Machi. Kwa hiyo yale maneno "muamala wako umefutwa" yalishapitwa na wakati kabla barua haijaandikwa.

Sasa tarehe. "Siku 7 za kazi" zinasikika kama wiki moja. Zihesabu kuanzia Jumanne, 31 Machi: kuna Ijumaa Kuu tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Siku ya Karume tarehe 7. Siku ya saba inaangukia Jumatatu, 13 Aprili, majuma mawili kamili baada ya barua. Mteja anayehesabu vidole atapiga simu tarehe 6, siku ambayo benki imefungwa. Kumwandikia tarehe yenyewe kungegharimu mstari mmoja.

Namba ya kumbukumbu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu kinachoambatanishwa mara nyingi ni namba ya tiketi ya malalamiko ya duka. Benki ya mteja haiijui. Kwa malipo ya awali, namba ya kutaja ni ile ya tarakimu 12 iliyo kwenye risiti pembeni ya herufi RRN. Mashine nyingi huiunda kwa tarakimu ya mwisho ya mwaka, siku ya mwaka na saa, kisha namba ya mfululizo. 608715004417 ni mwaka 2026, siku ya 87, saa 15 za Greenwich, yaani saa kumi na mbili jioni Dar. Jaribio la pili litaishia na 4418, na hapo ndipo unapojua ni mkatwo upi unaozungumziwa. Marejesho nayo hufuatwa kwa ARN, namba ya tarakimu 23 inayotolewa benki ya duka inapoyapeleka kwenye mtandao wa kadi. Siku ya kuandika barua huenda bado haijapatikana.

Kwa wenzangu wa huduma kwa wateja, barua ya huyu ingetosha hivi: "Tunaomba radhi. Tarehe 28 Machi ulikatwa shilingi 86,400 mara mbili kwa manunuzi yale yale. Malipo yenye RRN inayoishia na 4418 ni halali. Yale ya 4417 tumeagiza leo, 30 Machi, urejeshewe. Angalia kiasi hicho kikiingia kama mstari mpya kufikia Jumatatu, 13 Aprili. ARN tutakutumia mara tu benki yetu itakapotupatia. Usipoona fedha tarehe hiyo, wape benki yako namba hiyo, si namba ya tiketi yetu."