Muunganisho wa benki ukirudi na miamala miwili miwili: jinsi ya kusafisha leja bila kuhesabu mara mbili

Ninatunza hesabu za biashara ndogo hapa Leicester, na wateja wangu wengi wanatumia programu ya hesabu ya QuickBooks Online iliyounganishwa na benki zao, ili miamala iingie yenyewe bila kuchapwa. Kwa Uingereza, ruhusa ya kuifungulia programu akaunti ya benki inapaswa kuthibitishwa upya kila baada ya siku 90. Mwenye akaunti asipoithibitisha, mlisho wa benki husimama kimya kimya, na hapo ndipo matatizo mengi ninayoitwa kuyatatua huanzia. Kusimama kwenyewe si kubaya sana. Hesabu huharibika zaidi siku mlisho unaporudi.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua programu inautambuaje muamala. Kila mstari unaotoka benki kwa njia ya mlisho huja na namba yake ya utambulisho. Katika mafaili ya OFX namba hiyo huandikwa kwenye sehemu iitwayo `FITID`. Namba ikiwa ni ileile iliyokwishaingia, programu huutambua mstari na haiuingizi tena. Lakini faili la CSV unalolipakua benki na kulipakia kwa mkono kwa kawaida lina tarehe, maelezo na kiasi tu. Kwa hiyo mtu akijaza pengo kwa CSV, kisha mlisho ukafufuka na kuleta siku zilezile, programu haina namna ya uhakika ya kujua kwamba mistari hiyo miwili ni pesa moja. Maelezo nayo hayafanani, maana mlisho mara nyingi hufupisha majina, na tarehe zinaweza kupishana siku mbili, moja ikiwa siku kadi ilipotumika na nyingine siku benki ilipoandika.

Hivyo ndivyo ilivyomtokea mteja wangu mmoja mwenye kampuni ya usafi. Mlisho wake ulisimama tarehe 14 Machi. Mwanzoni mwa Aprili alipakia CSV ya Machi, akaendelea na kazi, na wiki moja baadaye akaunganisha benki upya. Miamala ya kuanzia katikati ya Machi ikaingia mara ya pili. Alipoona mistari inajirudia, alianza kuiondoa kwa haraka, kisha akanipigia simu kwa sababu salio la leja lilikuwa limezidi la benki na hakujua tena alichokigusa na ambacho hakukigusa.

Jambo la kwanza nililomwomba ni kuacha kubonyeza chochote. La pili lilikuwa kuzima kanuni zote zenye `Auto-add`, kwa sababu kanuni hizo huingiza mstari kwenye leja bila mtu kuuona, na kama bado kuna mistari ya marudio inayosubiri, unasafisha huku kukichafuka upya. Kisha nikapakua kutoka benki taarifa rasmi ya Machi. Katika kazi hii taarifa hiyo ndiyo hakimu pekee. Salio linaloonekana juu ya ukurasa wa benki ndani ya programu halifai kuwa hakimu, kwa kuwa hilo ni salio lililoletwa na mlisho wenyewe, na ni la siku mlisho huo ulipoingia mara ya mwisho.

Taarifa ilisema hivi: salio la kuanzia paundi 8,420.00, zilizoingia 11,300.00, zilizotoka 9,845.50, salio la mwisho 9,874.50. Leja yake ilionyesha 11,569.40 kwa tarehe hiyohiyo ya 31 Machi. Tofauti ni 1,694.90, na hapa watu wengi hupoteza nusu siku wakitafuta muamala wa 1,694.90, ambao haupo. Tofauti hiyo ni mchanganyiko wa marudio ya mapato, marudio ya matumizi na vitu vilivyokosekana, vyote vikipunguzana. Ninachofanya mimi ni kutenganisha pande mbili kabla ya kutafuta chochote. Leja ilikuwa na mapokezi ya 13,790.00, yaani ziada ya 2,490.00 juu ya benki. Malipo yalikuwa 10,640.60, yaani ziada ya 795.10. Sasa nina mafumbo mawili madogo badala ya moja kubwa lenye ukungu.

Baada ya hapo ninaweka miamala ya leja kwenye karatasi moja ya Excel, ninaiita Daftari, na ya benki kwenye nyingine, ninaiita Benki. Tarehe zinakaa safu A na kiasi safu C, malipo yakiwa na alama ya kutoa pande zote mbili. Pembeni ya kila mstari wa karatasi zote mbili ninaweka fomula hii:

```
=COUNTIFS(Daftari!A:A,A2,Daftari!C:C,C2)-COUNTIFS(Benki!A:A,A2,Benki!C:C,C2)
```

Jibu likiwa 0, leja na benki vinakubaliana. Likiwa 1, leja ina mmoja wa ziada. Likiwa -1, leja imepungukiwa. Ninaipenda njia hii kwa sababu inahesabu idadi ya mara. Mteja huyu alikuwa na manunuzi mawili ya mafuta ya gari ya paundi 40.00 siku moja, magari mawili tofauti, na mteja alikuwa tayari kufuta moja akidhani ni marudio. Benki ilikuwa nayo mawili, leja nayo mawili, fomula ikasema 0, na yote mawili yakabaki. Mistari inayopishana tarehe hujitokeza kama ziada na pungufu vya kiasi kilekile siku za karibu, kwa hiyo ninaipitia tena kwa kulinganisha kiasi peke yake kabla ya kutoa hukumu.

Matokeo yalikuwa mapokezi mawili ya ziada, 1,850.00 na 640.00, kodi ya ofisi ya 950.00 mara mbili. Mafuta ya 62.40 mara mbili, moja tarehe 28 Machi na jingine 30 Machi. Na malipo ya kadi ya 217.30 ya tarehe 17 Machi ambayo hayakuwamo kwenye leja kabisa.

Swali linalofuata ni yupi kati ya pacha aondoke. Fungua leja ya akaunti ya benki utazame alama: `R` maana yake muamala umeshasuluhishwa, yaani umethibitishwa kuwa unalingana na taarifa ya benki, `C` maana yake umeingia au kulinganishwa kupitia mlisho lakini usuluhishi bado. Kama mmoja ana R, huyo haguswi hata kidogo, kwa sababu ukimfuta, salio la kuanzia la usuluhishi unaofuata litavunjika. Kama wote wana C, kama ilivyokuwa kwa Machi hii, ninabakisha uliolinganishwa na ankara na kuondoa uliojitegemea.

Kuondoa kwenyewe kuna njia yake. Usiufute muamala ndani ya leja tu, maana mstari wake wa benki utarudi kusubiri na unaweza kuingizwa tena kesho. Nenda kwenye `Categorized`, tafuta mstari wa marudio, bonyeza `Undo`. Kama ulikuwa umeingizwa kwa `Add`, muamala unatoka kwenye leja na mstari unarudi `For review`. Kutoka hapo uchague na ubonyeze `Exclude`. Baadhi ya akaunti siku hizi zinaandika `Posted` na `Pending` badala ya majina hayo, lakini utaratibu ni uleule. Mapokezi yale mawili na mafuta ya tarehe 28 yaliondoka kwa njia hiyo. Kwa mafuta nilibakisha ya tarehe 30 kwa sababu ndiyo tarehe iliyomo kwenye taarifa.

Kodi ya ofisi ilihitaji uangalifu zaidi, na ndiyo sehemu ninayotaka kila mtu aitazame kwake. Malipo ya 950.00 ya tarehe 15 Machi yalikuwa yamelinganishwa vizuri na ankara ya Machi kupitia CSV. Mstari wa marudio ulipoingia, programu ilitafuta ankara ya 950.00 iliyo wazi, ikaiona ya Aprili, na kupendekeza `Match`. Mteja akakubali, kwa sababu pendekezo lilionekana sahihi. Kwa hiyo ankara ya Aprili ikaonekana imelipwa kwa pesa ambazo hazikuwahi kutoka. Malipo ya kweli ya Aprili yalipokuja, hayakupata ankara ya kulingana nayo, yakaingizwa moja kwa moja kama gharama ya kodi ya ofisi, na gharama ya Aprili ikahesabiwa mara mbili. Nililifungua fundo hilo kwa mpangilio: kwanza `Undo` ya marudio ya Machi, kisha kufungua ankara ya Aprili kuhakikisha malipo yaliyobandikwa yametoka (yakibaki yafute hapo), kisha `Exclude` ya mstari wa marudio, na mwisho `Undo` ya malipo ya Aprili ili yalinganishwe na ankara yake halali. Ukikagua Machi pekee hutaona kosa la Aprili, kwa hiyo kila kiasi kinachojirudia kila mwezi kifuatilie hadi mwezi unaofuata.

Malipo ya 217.30 yalikuwa yamelala kwenye `Excluded`, mistari yote miwili. Katika haraka yake mteja aliondoa pacha wote. Ninapoambiwa kuna muamala umepotea, huko ndiko ninakoanzia, kisha ndipo ninatazama kama muunganisho mpya umefungua akaunti ya pili ndani ya programu na kumwaga miamala huko. Nilirudisha mstari mmoja kwa `Undo`, nikauingiza, wa pili nikauacha ulipo.

Mapokezi yakarudi 11,300.00, malipo 9,845.50, na usuluhishi wa Machi ukafungwa kwa tofauti ya 0.00. Kilichokuwa kimejificha ndani ya zile 2,490.00 ni kwamba kanuni ya `Auto-add` ilikuwa imeziingiza kama mauzo mapya yenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, wakati ankara zake zilikuwa zimeshahesabiwa. Hiyo ni kodi ya paundi 415.00 ambayo mteja angeilipa bila kudaiwa. Ritani ya robo mwaka iliyoishia Machi ilikuwa bado haijatumwa, mwisho wake ukiwa 7 Mei, kwa hiyo namba zilijirekebisha zenyewe kabla ya kutuma.

Kwa wasomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ambao hawana mlisho na hupakia CSV kila mwezi, tatizo hili linawahusu pale mafaili mawili yanapogusana tarehe. Kabla ya kupakia, ninatazama mstari wa mwisho ulioingia kwenye programu, ninafungua CSV, na kufuta kila mstari uliokwishaingia, nikiilinganisha siku ya mpaka mstari kwa mstari, kwa sababu faili lililopakuliwa mchana hukata siku katikati. Mlisho ukirudi na kuniuliza nianze tarehe gani, ninachagua siku inayofuata ile CSV ilipoishia, na siku mbili tatu za kwanza baada ya hapo ninazikagua kwa macho kabla ya kuwasha tena kanuni yoyote.