Je, wajua namna ya kuiagiza akili unde itunge biti ya singeli?

"Kwa nini nikiandika 'singeli ya kasi' kwenye programu ya kutunga muziki napewa wimbo wa taratibu, na niandike nini?"

Programu hizi hujifunza kutokana na rekodi zilizoambatanishwa na maelezo, na singeli, muziki uliokulia katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ina rekodi chache za namna hiyo. Jina la muziki pekee, kwa hiyo, halitoshi, na neno "kasi" lina maana tofauti katika kila aina ya muziki. Singeli huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na maelekezo yanapaswa kutaja namba pamoja na sauti zenyewe. Programu nyingi huelewa Kiingereza vizuri zaidi, kwa mfano:

```
singeli, Dar es Salaam, 240 BPM, 4/4, kick on every beat,
rapid dry hand drums, sped-up keyboard loop,
short chopped vocal stabs, dense from start to end
```

Maneno ya kwamba ngoma nzito ipige katika kila pigo ndiyo yenye uzito kuliko yote, kwa sababu bila hayo programu huweza kuifanya 240 kuwa 120, ikaijaza midundo midogo na kukuachia biti ya kawaida. Ili kuhakikisha, hesabu mapigo ya ngoma hiyo kwa sekunde 15: yakiwa 60 umeipata, yakiwa 30 umepewa nusu. Usiandike kwamba hutaki utulivu katikati, kwani kulitaja jambo mara nyingi hulialika; kama programu ina sehemu ya mambo ya kuepukwa, liandike huko.

Sauti za watu zina mtego wake. Ukiweka mashairi kamili, programu huweza kuyaimba kwa utulivu kama wimbo wa redioni, basi katika sehemu ya mashairi weka vipande vifupi tu, kama "haya", "twende" na "we", kila kimoja katika mstari wake na kirudiwe.

Ikiwa programu bado inagoma kuvuka mapigo 160, agiza 160 hiyohiyo, kisha iongeze kasi mara 1.5 katika programu ya kuhariri sauti, nawe utapata 240. Chagua njia inayopandisha kasi pamoja na kimo cha sauti, ambacho kitapanda takribani nusutoni saba, na sauti za watu zitakuwa nyembamba. Binafsi naiona njia hii kuwa bora kuliko kuihimiza programu, kwa kuwa watayarishaji wa singeli wenyewe wamezoea kuchukua vipande vya taarabu na kuviongezea kasi hivyo hivyo. Agiza tu besi iwe nzito kupita kiasi tangu mwanzo, maana nayo itapanda na kupungua uzito.