Kazi Mpya Huletwa na Nani?

"Nikitafuta kazi, si niwategemee marafiki zangu wa karibu? Wao ndio wanaonipenda."

Wanakupenda kweli, ila mengi wanayoyasikia umeshayasikia. Chukulia kijana anayeanika dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Rafiki zake wako hapohapo, wanakunywa chai kibanda kimoja. Nafasi ikitokea mwaloni, wote wanaijua asubuhi ileile, na wote wanaigombania. Lakini kondakta wa basi la Tabora, wanayesalimiana tu anapopakia magunia, anashinda na watu wengine kabisa. Akisikia duka la jumla kule Tabora linatafuta mtu anayejua kupanga dagaa kwa ubora, habari hiyo ni mpya.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha aliyoyaona Marekani: kati ya watu 54 waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban 17 kwa 100 tu walikuwa wakionana naye angalau mara mbili kwa wiki. Wengi walionana naye mara mojamoja tu.

Kinacholeta habari ni mzunguko tofauti, si uchache wa mazoea. Jirani usiyezoeana naye, lakini anayeshinda mwalo huohuo, hakuongezei kitu. Nauli ya kwenda Tabora, hiyo mkope rafiki.